Bega likichomoka mwaloni, usikubali livutwe

Weka gazeti mezani kidogo, msomaji wangu. Bana kiwiko cha mkono wa kulia kwenye mbavu, kisha ukikunje ili kiganja kielekee mbele, kama mtu anayesubiri chenji dukani. Sasa kunja na kunjua. Kiganja kinapanda hadi karibu na bega, kinashuka mpaka mkono unyooke, kisha mchezo umekwisha. Ukijaribu kukipeleka kiganja kushoto na kulia utaona kinakwenda, lakini shika bega kwa mkono mwingine na utahisi kwamba ni bega linalozunguka. Kiwiko hakina habari. Kinajua njia moja tu, ya kwenda na kurudi, kama mlango.

Kisha inuka, unyooshe mkono wote, uuzungushe mbele, juu, nyuma na chini, kama kipa anayepasha misuli kabla ya mechi. Hapo ni bega, na bega halijui njia moja. Linajua karibu zote.

Tofauti hii haitokani na nguvu za misuli. Inatokana na umbo la ncha za mifupa pale zinapokutana. Ninaileta leo kwenye safu hii kwa sababu moja. Mialoni na vijiweni kwetu, kuanzia Bukima na upande wote wa Majita hadi Bunda na Butiama, kiungo kikitoka mahali pake watu wana dawa moja kwa viungo vyote: mmoja anashika mgonjwa kiunoni, mwingine anavuta. Mimi ninasema tabia hiyo iachwe, na sababu zangu zimo kwenye umbo la viungo vyenyewe.

Tuanze na kiwiko, kwa kuwa ndicho rahisi. Ncha ya chini ya mfupa wa mkono wa juu imechongwa kama kibiringo cha uzi, chenye bonde katikati. Mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho umechongwa kwa juu kama mdomo wa spana, nao umekikumbatia kibiringo hicho. Spana iliyobana kibiringo inaweza kuzunguka mbele na nyuma, lakini kwenda pembeni haiwezi, kwa sababu kingo za bonde zinaizuia. Ndiyo maana wataalamu wanakiita kiungo cha bawaba. Ile nundu ngumu unayoigonga mezani ukakaa vibaya ni mgongo wa spana yenyewe. Unaponyoosha mkono, nundu hiyo inaingia kwenye shimo lililo nyuma ya mfupa wa juu na kugota. Kwa hiyo mkono haupindi kwa nyuma, kama vile mlango unavyogota kwenye fremu.

Bega limejengwa kwa wazo tofauti kabisa. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama chungwa. Sehemu ya bapa la bega ambapo chungwa hilo limeegemea haina kina. Usifikirie bakuli, fikiria kisahani cha chai, tena kilichosimamishwa wima. Kwa wakati wowote ule, ni kama robo tu ya chungwa hadi theluthi inayogusana na kisahani. Kuzunguka ukingo wa kisahani kuna utepe wa nyama ngumu, mfano wa mpira unaozungushwa kwenye mfuniko wa chupa ya chai, ambao unakiongezea kina kidogo. Baada ya hapo kinacholishika bega ni mfuko wa kano na misuli inayolizunguka, si mfupa.

Hapo kuna biashara ambayo mwili umeifanya. Kisahani kisicho na kina kinaruhusu mkono kwenda popote: kurusha kamba, kukwea mti, kujikuna mgongoni, kumbeba mtoto. Malipo ya uhuru huo ni kwamba chungwa linaweza kuteleza. Bega ndicho kiungo kikubwa kinachotoka mahali pake mara nyingi kuliko vingine vyote mwilini. Katika viungo vikubwa vinavyochomoka, karibu nusu ni mabega. Na linapotoka, mara 95 au zaidi kati ya 100 linatokea upande wa mbele.

Kwa nini mbele? Chukua mfano wa kijana wa miaka 22 anayevua dagaa usiku. Amesimama ukingoni mwa mtumbwi, mkono wa kulia umeinuliwa juu na nyuma ya kichwa, umeshika kamba ya wavu. Mtumbwi unapigwa na wimbi, mguu unateleza, lakini kamba hakuiachia. Uzito wa mwili unakwenda mbele na mkono unabaki nyuma. Katika mkao huo, mkono ukiwa juu na umegeuzwa kwa nje, chungwa limeshasogea mbele na linasukuma ukingo wa mbele wa kisahani, mahali ambapo kinga yake ni mfuko wa kano tu. Mfuko unapasuka, mara nyingi na ule utepe wa ukingo unabanduka, na chungwa linadondokea chini ya mfupa wa mbele wa bega.

Wenzake wanaweza kulitambua bila mashine yoyote. Bega lililo salama ni la mviringo. La huyu kijana limekuwa la pembe, kama kona ya kabati, kwa sababu mfupa uliokuwa ukilijaza haupo tena. Mkono umekaa mbali kidogo na ubavu, anaubeba kwa mkono mzima, wala hataki uguswe. Mwambie aweke kiganja cha mkono huo kwenye bega la upande wa pili, hawezi. Ukipapasa taratibu mbele, karibu na kwapa, unahisi uvimbe wa mviringo ambao upande wa pili haupo.

Hapo ndipo wanapofika wavutaji.

Nataka uelewe kinachotokea wanapovuta. Misuli inayozunguka bega, ikishaumia, inakaza yenyewe bila mwenye bega kuiamuru. Ni kinga ya mwili. Ukivuta kwa nguvu, inajibu kwa kukaza zaidi, kama mbuzi anayevutwa kamba. Sasa mpo wanaume watatu mnashindana na misuli ya mtu mmoja, na katikati ya shindano hilo kuna vitu vitatu msivyoviona. Cha kwanza ni neva inayozunguka shingo ya mfupa wa mkono, ambayo huenda tayari imenyooshwa chungwa lilipotoka. Cha pili ni mshipa mkubwa wa damu wa mkono unaopita kwapani. Kwa mtu mzima wa miaka 60, ambaye mishipa yake imekuwa migumu, mshipa huo unaweza kuchanika kwa mvuto. Cha tatu, huenda mfupa wenyewe umevunjika shingoni palepale ulipotoka. Bega lililochomoka na bega lililovunjika yanafanana sana kwa nje. Ukivuta lililovunjika unatenganisha vipande ambavyo labda vilikuwa bado vinashikana, na mgonjwa ambaye angetosheka na kombeo anaishia chumba cha upasuaji.

Mtu ataniambia: Daktari, mbona nyinyi hospitalini nanyi mnavuta? Ni swali la haki. Njia kongwe ya kuweka mguu kwapani mwa mgonjwa na kuvuta mkono inahusishwa na Hipokrati, tabibu wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Lakini tazama kwa makini kinachofanyika siku hizi. Kwanza inapigwa picha ya eksirei kujua kama mfupa ni mzima na umekwenda upande gani. Kisha mgonjwa anapewa dawa ya maumivu, na mara nyingi ya kumlegeza. Baada ya hapo mbinu nyingi hazitumii nguvu kabisa. Kuna ile ya kumlaza mgonjwa kifudifudi kitandani, mkono ukining'inia pembeni na uzito wa kilo chache umefungwa kwenye kifundo, halafu tunasubiri, wakati mwingine hadi dakika 20. Kuna nyingine ya kukibana kiwiko ubavuni na kuuzungusha mkono nje polepole, tukisimama kila mgonjwa anapoumia. Katika zote mbili tunangoja misuli ichoke, na ikishalegea chungwa linarudi lenyewe kwenye kisahani chake. Yule kijana wa dagaa husikia mlio mdogo, kisha anavuta pumzi ndefu. Mtaalamu mwenye haraka ndiye anayevunja mifupa.

Nasema hivyo pia kwa heshima kwa wazee wetu wanaounga mifupa vijijini. Wapo wenye vidole vinavyojua kusoma mwili, na wengine humlegeza mgonjwa kwa maji ya moto na maongezi kabla ya kumgusa, jambo ambalo lina maana. Ugomvi wangu ni na mkono unaovuta bila kujua kama ndani kuna mfupa mzima au kipande. Hilo vidole haviwezi kulijua kwa uhakika, hata vya daktari.

Basi afanyiwe nini akiwa mwaloni? Muache mkono katika mkao aliouchagua yeye mwenyewe. Jaza nafasi kati ya mkono na ubavu kwa nguo iliyokunjwa au mto mdogo, kisha pitisha khanga chini ya kigasha na kuifunga shingoni. Usimnyooshe. Papasa mshipa wa mapigo kwenye kifundo cha mkono na ulinganishe na mkono mzima. Mkono ukiwa baridi na mapigo hayapo, hiyo ni dharura ya kweli, safari isisubiri kupambazuka. Kisha gusa kwa ncha ya kidole upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya bega, pale askari wanaposhonea nembo. Akisema pamekufa ganzi, ujue neva ile imeguswa. Mwambie mhudumu wa zahanati au hospitali habari hiyo kabla hajaanza kazi, kwa sababu ganzi iliyokuwapo kabla na iliyokuja baada ya kurudishwa bega si jambo moja. Asile chakula njiani, maana huenda atahitaji dawa ya usingizi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalipendi. Bega likisharudi, maumivu yanapungua siku hiyohiyo, na kijana anaona amepona. Baada ya wiki moja giza la mwezi limeingia, dagaa wapo, anarudi majini. Lakini kisahani chake kimemeguka ukingo. Utepe uliobanduka unahitaji muda wa kushika tena, na kwa mvulana wa chini ya miaka 20 aliyechomoka bega mara ya kwanza, uwezekano wa kuchomoka tena ni mkubwa sana. Kila linapotoka ukingo unalika zaidi, mpaka anafikia hatua ya kuchomoka bega akivaa shati. Kombeo ni wiki mbili hadi tatu kwa kawaida, kisha mazoezi ya kuijenga misuli inayolishika bega, na kazi ya kuinua mkono juu ya kichwa kwa nguvu isubiri kama miezi mitatu. Najua miezi mitatu ni fedha nyingi kwa mvuvi. Kwa hiyo wenye mitumbwi wampe kazi za nchi kavu, za kuanika na kushona nyavu, mkono ukiwa chini. Kwa watu waliovuka miaka 40 hali hugeuka: bega halirudii kutoka mara nyingi, ila huenda kano za kuinulia mkono zimechanika. Mzee ambaye wiki mbili baadaye bado hawezi kuinua mkono asiambiwe ni uzee.

Sasa shuka chini ya kiuno. Nyonga ni ndugu wa bega, yaani nayo ni mviringo ndani ya shimo, na ndiyo maana mguu unaweza kwenda mbele, nyuma, pembeni na kuzunguka. Lakini mwili unasimama juu ya nyonga, haukuweza kuruhusu utelezi uleule. Chungwa la nyonga limezama kwenye bakuli halisi, zaidi ya nusu yake imo ndani, na mbele yake pamefungwa kano iliyo imara kuliko zote mwilini. Matokeo yake unayaona: mkono unaweza kuugusisha sikio bila shida, mguu hauwezi, isipokuwa uwe mcheza sarakasi.

Kwa hiyo, unapoona nyonga imetoka, ujue nguvu iliyotumika ni kubwa mno. Huku kwetu ni pikipiki na magari kwenye barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma, na kwenye njia za vumbi zinazoingia vijijini. Mtu aliyekaa kiti cha mbele, gari likagonga, goti linapiga dashibodi. Umbo tena ndilo linaloamua. Ukiwa umeketi, paja limekunjwa, chungwa linatazama nyuma ya bakuli, na ile kano imara iliyo mbele imelegea. Pigo la goti linasukuma mfupa wa paja moja kwa moja kurudi nyuma. Ndiyo sababu karibu nyonga 9 kati ya 10 zinazochomoka zinatokea nyuma.

Mgonjwa wa namna hii amelala na mguu mfupi kuliko mwenzake, umekunjwa kidogo, goti limeegemea paja la pili, na vidole vinatazama ndani. Mlinganishe na bibi aliyeteleza uani: naye mguu ni mfupi, lakini vidole vimelala vikitazama nje. Huyo bibi mara nyingi hakuchomoka, amevunjika shingo ya mfupa wa paja. Wote wawili hawavutwi. Kumvuta bibi ni kumvunja upya.

Kwa nyonga iliyochomoka kuna saa inayohesabu. Kichwa cha mfupa wa paja kinalishwa na mishipa midogo ya damu inayopanda kwenye shingo ya mfupa, na kikiwa nje ya bakuli mishipa hiyo imenyongwa. Madaktari wa mifupa hulenga kukirudisha ndani ya muda wa saa 6 tangu ajali. Kila saa inayopita juu ya hapo inaongeza hatari ya kichwa hicho kufa taratibu na kubomoka miezi au miaka baadaye. Kijana wa miaka 25 anaishia kutembea kama mzee. Pia neva kubwa ya mguu inapita nyuma tu ya bakuli, njiani mwa chungwa linapotoka, kwa hiyo muulize majeruhi kama anaweza kuinua wayo na vidole kuvileta juu.

Piga hesabu mwenyewe. Ajali imetokea saa 2 usiku. Majeruhi anapelekwa nyumbani kwa kuwa hakuna damu inayotoka, anakandwa, asubuhi anaitwa mvutaji, mchana ndipo familia inatafuta gari. Anafika hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ya Kwangwa mjini Musoma, saa 10 jioni. Saa 20 zimekwisha. Daktari atairudisha nyonga, picha itaonekana nzuri, familia itashukuru. Hasara itajitokeza mwakani.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 naye ana yake. Pembeni mwa ile bawaba ya kiwiko kuna kiungo cha tatu, cha mhimili: kichwa cha mfupa ulio upande wa kidole gumba kinazunguka ndani ya pete ya kano. Hicho ndicho kinachokuwezesha kugeuza ufunguo. Kwa mtoto mdogo pete hiyo bado ni laini, na ukimnyanyua kwa kiganja kimoja kuvuka mtaro, inaweza kuteleza na kunaswa kwenye kiungo. Mtoto analia kidogo, kisha anauacha mkono umening'inia, hautumii, wala hakuna uvimbe. Mhudumu aliyefundishwa anaurudisha kwa kuugeuza mara moja, na baada ya dakika chache mtoto anashika pipi kwa mkono huohuo. Ila kama alianguka, au kiwiko kimevimba, hiyo si pete, apigwe eksirei kwanza. Mnyanyueni kwa kumshika kwapani.

Kwa maoni yangu, mahali pa kuanzia ni mialo. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wengi mnaviita BMU, tayari vina viongozi, vikao na orodha za mitumbwi. Mhudumu wa zahanati iliyo karibu akipewa alasiri moja kwenye kikao chao, anaweza kuwafundisha watu kumi kutazama bega la pembe na vidole vinavyotazama ndani, kufunga khanga, na kumbeba mtu wa nyonga juu ya ubao bila kumnyoosha mguu, mto ukiwa chini ya goti. Vifaa vyote hivyo vipo mwaloni leo. Madereva wa bodaboda nao wana vijiwe na viongozi wao, nao wafundishwe hivyohivyo, hasa hesabu ile ya saa 6. Na kila kikundi kiandike ukutani namba ya simu ya mwenye gari aliyekubali kutoka usiku, pamoja na nauli mliyokubaliana mapema, ili mtu akichomoka nyonga saa 2 usiku majadiliano yawe yameshakwisha.